Pembe mbili zilizochanika, na bakora niliyoifuta

Picha ilinifikia ndani ya bahasha, imebanwa kati ya vipande viwili vya boksi. Ukubwa wake ni wa postikadi, sentimita 9 kwa 14, nyeusi na nyeupe iliyokwisha kugeuka rangi ya chai. Mzee wa kanzu na koti amekaa kwenye kiti cha mbao chenye mikono, upande wa kulia wa picha. Mkewe amesimama kushoto. Nyuma yao limeshuka pazia la studio lililochorwa mawingu, na chini kuna vigae vyeusi na vyeupe vilivyopangwa kama ubao wa drafti. Mgongoni mwa picha umebaki muhuri uliofifia wa studio ya Mombasa.

Pembe mbili hazikuwepo. Ya juu kushoto ilikuwa imenyofoka kipande cha sentimita 2.5 kwa 3, nacho kilikuwa mawingu matupu. Ya chini kulia, ya sentimita 3 kwa 3.5, ilikuwa imeondoka na vigae vya mbele na nusu ya chini ya mguu mmoja wa kiti. Nyuso zilikuwa salama, na nguo zilikuwa salama. Mwenye picha, mjukuu wao, aliniandikia, "Kaka, hizo pembe ni mandhari tu, wewe zijaze zifanane." Nami nikaamini kwamba ni mandhari tu, na hilo ndilo lililonirudisha kazini wiki moja baadaye.

Niliiskani kwa dpi 1200, nikapata pikseli kama 4250 kwa 6600. Kwa kuichapa kwenye A4 hiyo ni zaidi ya inavyohitajika, lakini kazi ya kujaza inataka nafasi: makosa madogo ya brashi hupotea picha inapopunguzwa. Niliskani kwa rangi ingawa picha ni nyeusi na nyeupe, tena kwa biti 16. Rangi inasaidia kwa sababu doa la njano hunyonya mwanga wa buluu, kwa hiyo kwenye chaneli ya buluu huonekana kama tope, na kwenye chaneli nyekundu karibu halionekani kabisa. Katika GIMP, programu ya kuhariri picha, nilikwenda `Colors > Components > Extract Component`, nikachukua nyekundu peke yake, na madoa mengi yakaondoka kabla sijagusa brashi. Skani ya rangi niliihifadhi kando. Vizuri kwamba niliihifadhi.

Nyuma ya picha niliweka karatasi nyeusi. Sababu ni ile kingo ya mpasuko. Karatasi ya picha inapochanika haikatiki wima. Tabaka la juu lenye picha hubanduka zaidi ya lile la chini, na katikati unabaki mteremko mweupe wa nyuzi za karatasi. Ukiweka karatasi nyeupe nyuma, huwezi kujua picha inaishia wapi na mteremko unaanzia wapi. Kwenye nyeusi unaona mara moja, na unagundua kwamba eneo la kujaza ni kubwa kuliko shimo lenyewe, kwa maana mteremko mzima nao ni lazima ufunikwe. Hapa ulikuwa na upana wa milimita moja hadi mbili, yaani hadi pikseli 90 na zaidi.

Kabla ya kujaza, nilinyoosha. Picha ilikuwa imelala upande kidogo kwenye skana, na kama ningejaza kwanza kisha ninyooshe, punje, zile chembe ndogo za filamu na karatasi, za sehemu niliyochora na za sehemu ya asili zingevurugwa pamoja bila sababu. Kisha nilivuta mistari ya mwongozo kufuata kingo nne za mpaka mweupe wa picha. Zilipokutana, zikanipa mahali halisi pembe zilipokuwa. Ni jambo dogo, ila nimeona picha nyingi zilizojazwa ambapo pembe iliyotengenezwa haiko sawa na zile tatu za asili, na jicho hulalamika bila kujua linalalamikia nini.

Nianze na pembe ya juu, kwa sababu ndiyo inayowadanganya wengi. Mawingu yaliyofifia, hakuna umbo, hakuna mstari. Mtu hushika `Clone`, chombo kinachonakili sehemu moja ya picha juu ya nyingine, hubonyeza Ctrl pale karibu, na kuanza kupaka. Nilijaribu hivyo kwenye nakala ili nione tu, na nikapata kile nilichokitarajia, yaani kiraka. Pazia halikuwa na mwanga mmoja. Taa ya studio ilikuwa imesimama kushoto lakini mbele, ikimulika watu, na pazia lilikuwa linazidi giza kadiri linavyokaribia pembe. Nilipima toni kwa kidonoa rangi, nikiwa nimekiwekea wastani wa eneo pana ili punje moja moja zisinidanganye. Katika kipimo cha 0, nyeusi tupu, hadi 255, nyeupe tupu, karibu na kichwa cha mama toni ilikuwa 148. Sentimita moja kuelekea pembe ikawa 139. Kwenye ukingo wa mpasuko, 129. Kwa hiyo pembeni kabisa panapaswa kuwa karibu na 105 hivi. Hakuna mahali pengine pa pazia lile penye toni hiyo pamoja na mwelekeo huo wa kushuka. Chochote ambacho ningekloni kingekuwa cheupe mno.

`Heal` nayo isingeniokoa. Chombo hicho hukopa sura kutoka unakochota na toni kutoka unakopaka. Lakini pale ninapopaka toni haipo. Kuna karatasi nyeusi upande mmoja na mteremko mweupe upande mwingine. Ukipaka `Heal` juu ya ukingo wa namna hiyo unapata michirizi ya moshi. Inafaa kwa mikwaruzo iliyozungukwa na picha nzima pande zote, na mimi niliitumia huko, ila si kwenye pembe.

Dawa ni kutenganisha kazi mbili ambazo `Clone` huzifanya kwa pamoja: toni na punje. Toni niliichora. Nilifungua tabaka jipya, nikachukua brashi laini ya pikseli 700, nikaweka rangi ya 129 kwenye ukingo, kisha 120, kisha 112, hadi pembeni, kila moja ikiipanda mwenzake. Nikapitisha `Gaussian Blur` nzito juu ya tabaka hilo ili viungo viyeyuke. Mawingu yenyewe yalikuwa yameingia kidogo ndani ya eneo lililopotea. Mawili kati yao yalikatwa na mpasuko. Niliendeleza mikunjo yao kwa brashi ileile, kwa nguvu ndogo ya asilimia 15, na nikayaacha yafe haraka. Mchoraji wa pazia naye alichora kwa mkono, na lenzi ikalififisha, kwa hiyo hapa mkono wangu haukuwa ugenini.

Matokeo yalikuwa laini kama sahani ya kauri, na kila mtu angejua kwamba pamechorwa. Hapo ndipo punje zinapoingia. Nilikata kipande kizima cha pazia kutoka upande wa kulia, nikakinakili, nikaififisha nakala kwa `Gaussian Blur` ya pikseli 12, nikaiweka juu ya kipande cha asili kwa hali ya `Grain extract`. Kinachobaki ni tofauti kati ya viwili hivyo, yaani punje zenyewe juu ya kijivu kitupu:

```
punje   = kipande - kipande kilichofifishwa + 128
matokeo = toni iliyochorwa + punje - 128
```

Mstari wa pili ndio hali ya `Grain merge`, ambayo niliiweka kwenye tabaka la punje juu ya toni niliyochora. Palipo 128 hakibadiliki kitu. Panapozidi panang'aa kidogo, panapopungua panatiwa giza kidogo. Sasa `Clone` ikapata kazi yake inayoiweza. Kipande changu cha punje kilikuwa kidogo kuliko pembe, kwa hiyo nilikloni ndani ya tabaka la punje lenyewe, nikichota huku na huku, umbali tofauti kila mara. Kwa kuwa tabaka hilo halina toni, unaweza kuchota popote bila kuogopa kiraka.

Hatari iliyobaki ni mapacha. Kila eneo la picha ya zamani lina alama zake, kinundu cha karatasi au kidoa cha vumbi la chumba cha giza, na ukikichota mara mbili kinatokea mara mbili. Nilifanya hivyo mara tatu. Ili kuwaona mapacha, ninatengeneza tabaka moja kutoka kwa vyote vinavyoonekana, naliongezea ukali wa mwanga na kivuli kwa `Curves` hadi picha inakuwa mbaya ya kutisha, kisha naigeuza kushoto kulia. Jicho lililokwisha kuzoea picha huanza upya, na kile kidoa chenye umbo la punje ya mchele kilichosimama mahali pawili kinajitokeza chenyewe. Ukimaliza kuangalia, tabaka hilo unalitupa.

Pembe ya chini ilitaka akili nyingine kabisa. Vigae havibahatishwi, mahali pa kila mstari panajulikana tayari, kazi ni kupafuata. Upande wa kushoto wa picha sakafu ilikuwa nzima, na kamera ilikuwa imelikabili pazia moja kwa moja, kwa hiyo mistari ya vigae inayokwenda kushoto kulia ililala sambamba na ukingo wa chini. Nilihakikisha: mstari ulio mbele ya viatu vya mama ulipishana kwa pikseli 3 tu toka mwanzo wake hadi mpasukoni. Basi mistari yote ya kulala nikaiendeleza kutoka kushoto hadi kulia, na kila safu ikapata kimo chake bila kubuni. Safu ya usawa wa miguu ya kiti ilikuwa na kimo cha pikseli 178, iliyofuata 200, iliyofuata 226. Kadiri inavyomsogelea mtazamaji inatanuka, na mtu anayejaza kwa kunakili safu moja chini ya nyingine, zote kimo sawa, atapata sakafu inayoonekana kusimama kama ukuta.

Mistari inayokwenda nyuma nayo yote hukutana mahali pamoja. Niliichora minne iliyo wazi kwa chombo cha `Paths`, nikairefusha kwenda juu, ikakutana usawa wa kifua cha mama aliyesimama, kimo cha lenzi. Kutoka nukta hiyo nikarudisha mistari kushuka hadi ndani ya pembe iliyopotea, nikiitenga kwa upana uleule wa vigae vya safu husika. Kuna njia nzuri ya kujihakiki: chora ulalo unaopita pembe kwa pembe kwenye vigae vizima, uuache uendelee. Kama gridi yako ni sahihi, ulalo huo utapita kwenye makutano ya mistari uliyobuni pia. Wangu ulikosa makutano ya mwisho kwa pikseli 20 hivi, na kosa likawa kwenye mstari mmoja wa kurudi nyuma ambao nilikuwa nimeuanzia kwenye ufa wa sakafu nikidhani ni kiungo cha kigae.

Kisha jaribu likaja: kuna vigae vizima kushoto, kwa nini nisivichukue na kuvivuta kwa chombo cha `Perspective` vikae kwenye gridi? Nilifanya kwa kimoja. Umbo lilikaa barabara, lakini kigae kilikuwa kimetanuliwa, na punje zake zikatanuka nacho. Punje ni za karatasi na za filamu, hazina habari na vigae. Lazima ziwe na ukubwa uleule picha nzima. Kigae kimoja chenye punje nene kando ya vingine kinaonekana kama kimetazamwa kwa miwani. Nikakifuta. Vigae nikavijaza kwa toni bapa kidogo kidogo, vyeusi kwa 52 na vyeupe kwa 176, nikavitia giza kuelekea pembe, na punje nikazileta kwa njia ileile ya juu, bila kuzitanua. Kingo za vigae kwenye picha hazikuwa kali. Kutoka nyeusi hadi nyeupe palipita kama pikseli 14, kwa hiyo nami nikafifisha kingo zangu hadi zikalingana. Kingo kali ndizo humwumbua mjazaji haraka kuliko kitu kingine.

Mguu wa kiti ulikuwa rahisi kuliko nilivyoogopa. Ulikuwa umekerezwa, wa duara, na mwenzake wa kushoto ulikuwa mzima. Nilitaka kuugeuza kama kwenye kioo, kisha nikakumbuka taa. Ng'ao ya mguu wa kushoto iko upande wa kushoto. Ukiugeuza ng'ao inahamia kulia, na kiti kinakuwa na taa mbili. Kitu cha duara hakina kushoto wala kulia isipokuwa kwa mwanga, basi nikaukloni kama ulivyo, na kivuli chake sakafuni nikakichora kuelekea kulia.

Nilituma kazi. Mjukuu alifurahi. Siku ya pili akaniunganisha kwa simu na shangazi yake, mtoto wa yule mzee kwenye picha. Nikampa shikamoo yake, akaitika, akaniombea dua, kisha akauliza kwa upole, "Mwanangu, bakora ya baba umeiweka wapi?"

Nikamwambia kwenye picha hapakuwa na bakora. Akasema ipo, aliiona picha hiyo ukutani tangu utotoni, nzima, na baba yake hakuwahi kupigwa picha bila bakora.

Nikarudi kwenye skani ya kwanza. Kwenye ukingo wa mpasuko wa chini, juu ya kigae cheupe, palikuwa na alama nyeusi ya mshazari, upana pikseli kama 60, yaani zaidi kidogo ya milimita moja kwenye karatasi. Nilikuwa nimeiona. Niliichukulia kuwa ni kivuli cha skana, kwa sababu ukingo pale ulikuwa umejikunja juu kidogo, na taa ya skana hutoka upande mmoja, hivyo ukingo ulionyanyuka hutupa kivuli. Nikaikloni kigae cheupe juu yake bila kusita.

Kipimo cha jambo hilo ni chepesi mno hata naona haya kukiandika: igeuze picha nyuzi 180 kwenye kioo cha skana, uiskani tena. Kivuli cha skana kitahamia upande wa pili wa mkunjo, kwa sababu taa haikugeuka nayo. Kilicho ndani ya picha hakihami. Bahati picha ilikuwa bado kwangu. Nikaigeuza, nikaskani, nikaziweka skani mbili pamoja. Alama haikusogea. Tena kwenye skani ya rangi ilikuwa na ule ugeukaji wa chai kama picha yote, wakati kivuli kilichoanguka juu ya nyuzi za karatasi kingekuwa kijivu kitupu.

Baada ya hapo vingine vikaonekana kirahisi. Mkono wa mzee, ambao nilidhani umelala juu ya mkono wa kiti, ulikuwa umekunja vidole kuzunguka kitu. Niliinua sehemu za giza kwa `Curves`, na mbele ya mbao nyeusi ya kiti ukatokea mstari mwembamba wa ng'ao unaoshuka mshazari. Mkono, ng'ao na ile alama vikakaa kwenye mstari mmoja ulionyooka kama uzi wa fundi mwashi.

Kwa kuwa kila sehemu ilikuwa kwenye tabaka lake, sikuhitaji kuvunja sakafu. Niliifuta kloni yangu juu ya alama kwa barakoa ya tabaka, alama ya asili ikarudi, na juu ya vigae nikaongeza tabaka moja la bakora: kuendeleza mstari uleule, upana uleule, ng'ao upande wa kushoto. Swali lilikuwa iishie wapi. Mstari ulionyooka hauna mwisho wake wenyewe, na ncha ya bakora iko mahali fulani sakafuni ambapo picha haikuniambia. Nilichojua ni kwamba ilipita mbele ya mguu wa kiti, karibu nao, kwa hiyo ncha haiwezi kuwa nyuma ya safu ya mguu ule, na mtu aliyekaa hasukumi bakora mbali. Niliiishia nusu kigae mbele ya mguu wa kiti, nikaitilia kivuli kifupi. Hapo nilibuni, na nilimwambia shangazi hivyo hivyo. Nilimwuliza kama chini ilikuwa na kifuniko cha chuma au mpira. Alinyamaza kidogo akasema alikuwa mdogo, alichokumbuka ni mpini. Nikaiacha ncha nyeusi tupu.

Walichukua faili mbili za TIFF: moja ya skani kama ilivyo, na mpasuko wake, na moja iliyojazwa. Faili ya `.xcf` yenye matabaka yote nimewapa pia, tabaka la bakora nimeliita `bakora - ncha ya kubuni`, ili atakayekuja kuifungua ajue pa kuzima. Shangazi alitaka ya ukutani iwe ile yenye bakora. Ile ya karatasi imerudi kwenye bahasha yake, kati ya boksi zilezile.